Barua ya Kotesheni: Mteja Ajue Atapata Faili Gani na Atarekebishiwa Mara Ngapi

Wachora ramani wengi tunaojitegemea hutoa bei kwa mstari mmoja wa WhatsApp: "Ramani ya vyumba vitatu laki sita, wiki mbili." Mteja anajibu "sawa", anatuma advansi, kazi inaanza. Mwezi mmoja baadaye mteja anataka "ile faili yenyewe ya kompyuta", anataka jiko lipanuliwe kwa mara ya nne, na anashangaa kuambiwa kuna nyongeza. Ukimuuliza, atakwambia hakuna aliyemwambia mapema. Na ni kweli, hakuna aliyemwambia.

Dawa yake ni barua ya ukurasa mmoja au miwili, inayotumwa kabla advansi haijapokelewa. Haihitaji mwanasheria wala Kiswahili cha mahakamani. Inahitaji uamue mambo mawili ambayo wengi wetu huyaacha hewani: bei hii inanunua faili zipi, na bei hii inanunua marekebisho gani. Nitachukua kazi moja ya mfano, nyumba ya chini ya vyumba vitatu inayojengwa Kibaha, bei Sh 600,000, tuone barua yake inavyojengeka. Bei ni ya mfano tu, weka yako.

Anza kwa kuhesabu karatasi

Kabla hujaandika neno kuhusu faili, orodhesha karatasi utakazochora, kila moja na namba yake. Mteja hajui kwamba "ramani" ni karatasi nane, na asipojua hilo hawezi kuelewa kwa nini kusogeza ukuta mmoja ni kazi ya siku nzima. Kwa nyumba yetu ya Kibaha orodha ni hii: A101 nyumba ilivyokaa kwenye kiwanja; A102 ramani ya sakafu yenye vipimo; A103 ramani ya msingi; A104 ramani ya paa; A105 mwonekano wa mbele na wa nyuma; A106 mionekano ya ubavuni; A107 mikato miwili; A108 jedwali la milango na madirisha.

Kwenye barua andika pia ambavyo havimo, kwa majina. Picha za 3D hazimo. Mchoro wa umeme na wa maji taka haumo. Makisio ya vifaa hayamo. Nondo na zege za msingi ni hesabu ya mhandisi, nazo hazimo. Mteja akisoma "ramani ya msingi" anaweza kudhani amepata kila kitu, kumbe wewe umechora mahali msingi unapopita na upana wake, si nondo ngapi ziingie.

Lipo pia suala la mhuri. Kama wewe hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, huwezi kugonga mhuri wa mbunifu majengo, na barua iseme hivyo bila kuzungukazunguka. Mteja anayepeleka michoro halmashauri kuomba kibali cha ujenzi akirudishwa kwa kukosa mhuri, hasira zake zitakuja kwako. Kama unafanya kazi na mbunifu aliyesajiliwa anayekagua na kugonga, andika ada yake kando na useme inalipwa kwa nani. Usiifiche ndani ya laki sita.

PDF: faili ya kujengea

Faili ambayo mteja anaihitaji hasa ni PDF. Inafunguka kwenye simu, haibadiliki, na duka lolote la stesheneri linaweza kuichapa. Lakini kusema "nitakupa PDF" hakutoshi. Sema ukubwa wa karatasi na skeli, kwa sababu hapa ndipo michoro mizuri huharibikia mikononi mwa watu wasio na nia mbaya.

Tuseme umechora ramani ya sakafu kwa skeli ya 1:100 kwenye karatasi ya A3. Chumba cha mita 3 kinatokea milimita 30 kwenye karatasi. Mdogo wake mteja anaipeleka stesheneri. A3 hakuna, kijana wa dukani anaibana iingie kwenye A4. Karatasi sasa imepungua hadi asilimia 71 hivi, na kile chumba kimekuwa milimita 21. Fundi akiweka rula pale ambapo kipimo hakikuandikwa, anasoma mita 2.1. Hakuna mtu aliyekosea kuchora, ila ukuta umeshawekwa mahali pasipo pake.

Kwa hiyo weka kwenye barua sentensi mbili: michoro ni ya kuchapwa kwenye A3 bila kubanwa, na vipimo vya kufuata ni vilivyoandikwa kwa tarakimu, si vya kupimwa kwa rula. Kwenye kila karatasi chora pia kirula cha skeli, kile kimstari chenye alama za mita 0, 1, 2 na 5. Karatasi ikibanwa nacho kinabanwa, na fundi mwerevu atagundua mara moja.

Kitu kingine cha kusema ni kwamba PDF ziko za aina mbili. Zile za kujadiliana zinabeba maandishi makubwa ya mlalo, "RASIMU, SI YA UJENZI". Zile safi zinatoka baada ya malipo ya mwisho. Wapo wanaoona aibu kuweka maandishi hayo kana kwamba wanamshuku mteja. Mimi naona kazi yake kubwa si kulinda hela. Mteja akiwa na rasimu tatu kwenye simu yake, na fundi akichimba msingi kwa kufuata ile ya kwanza, maandishi hayo ndiyo yatakayomzuia.

DWG: faili inayoleta maneno

Mapema au baadaye mteja ataomba DWG, faili ya AutoCAD inayoweza kubadilishwa. Sababu zake mara nyingi ni za kawaida. Mhandisi wake anaitaka achore nondo juu yake. Au ameambiwa na jirani kwamba "ukiwa na faili yako huna shida na mtu". Au, tuseme ukweli, anataka kijana mwingine ammalizie kwa bei ndogo.

Wachoraji wengi hukataa katakata. Mimi siungi mkono kukataa. Mhandisi anayelazimika kuchora upya nyumba nzima kutoka kwenye PDF atakosea mahali fulani, na makosa hayo yatajengwa. Bora uitoe, lakini kwa bei iliyoandikwa tangu siku ya kwanza na kwa masharti mawili au matatu. Fundi cherehani huuza gauni kwa bei moja, na ukitaka vile vipande vya karatasi alivyokatia, mnazungumza upya. Katika mfano wetu DWG haimo kwenye Sh 600,000. Ikihitajika ni Sh 100,000, inatolewa baada ya malipo yote kukamilika.

Sharti la kwanza ni toleo. AutoCAD za 2018 na kuendelea huhifadhi kwa muundo wa 2018, na mwenye programu ya zamani zaidi hawezi kuufungua. Andika kwenye barua kwamba DWG itatolewa kwa muundo wa 2013, au ule ambao mhandisi atautaja kabla ya kukabidhiwa, na kwamba utabadilisha mara moja bila malipo. Ukiletewa malalamiko kwamba "faili yako mbovu", ifungue kwa Notepad na utazame herufi sita za kwanza tu, zilizobaki ni vurugu. `AC1032` ni muundo wa 2018, `AC1027` ni wa 2013, `AC1024` ni wa 2010. Mara nyingi faili ni nzima kabisa. Programu ya mpokeaji ndiyo imepitwa.

Sharti la pili ni ukamilifu wa kifurushi. Faili ya DWG ikitumwa peke yake inaweza kufika ikiwa imepungua. Kama ramani ya kiwanja uliiunganisha kutoka faili nyingine, mpokeaji ataona nafasi tupu na jina la njia ya folda iliyoko kwenye kompyuta yako. Kama ulitumia fonti asizo nazo, maandishi yatakuwa alama za kuuliza. Kama hukuambatanisha faili ya CTB, mistari yote itachapwa kwa unene mmoja, ukuta na kigae havitofautiani. Amri ya `ETRANSMIT` hukusanya vyote hivyo kwenye zipu moja, mradi uchague fonti ziingie ndani ya mipangilio yake, ambamo pia unaweza kuchagua muundo wa 2013 palepale. Barua iseme mteja atapata zipu hiyo, kisha ujipe desturi ya kuifungua kwenye folda tupu, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine, kabla ya kuituma.

Sharti la tatu ni dhamana. Ukishatoa faili inayobadilishika, huwezi tena kujua nani alisogeza nini. Andika kwamba unawajibika kwa michoro iliyo kwenye PDF yenye jina lako na tarehe. Mtu akibadilisha DWG, aondoe jina lako na aweke lake. Na useme matumizi: bei hii inampa mteja haki ya kujenga nyumba moja, kwenye kiwanja kimoja. Akitaka kuirudia ramani hiyohiyo kwenye viwanja vyake vingine vinne vya kupangisha, mnazungumza. Mambo haya yakiwa kwenye barua kabla ya advansi hayamkasirishi mtu. Yakija baadaye yanasikika kama janja.

Marekebisho ni ya aina tatu

Barua nyingi husema "marekebisho mawili bure" na kuishia hapo. Maneno hayo hayasaidii, kwa sababu wewe na mteja hamhesabu kitu kimoja. Kwake, kuongeza ghorofa ni rekebisho. Kwako, kusahihisha dirisha ulilosahau kulichora nalo linaweza kuonekana rekebisho. Tenganisha.

Aina ya kwanza ni kosa la mchoraji. Vipimo havijumlishi, mlango uliopo kwenye ramani ya sakafu haupo kwenye jedwali, mkato unaonyesha dari ya mita 3 na mwonekano unaonyesha 2.7. Haya unasahihisha bila malipo, wakati wowote, hata nyumba ikiwa kwenye renta, wala hayahesabiwi kwenye raundi za mteja.

Aina ya pili ni mteja kubadili mawazo ndani ya nyumba ileile: choo kihamie upande wa pili, dirisha liongezwe, veranda ipunguzwe. Haya ndiyo yanayohesabiwa.

Aina ya tatu ni kazi mpya. Hapa unahitaji mpaka ambao mteja anaweza kuuona kwa macho. Mimi ningeuweka kwenye kuta za nje: zikisogea baada ya mchoro wa awali kukubaliwa, au ghorofa ikiongezwa, au kiwanja kikibadilika, hiyo ni kotesheni nyingine. Mpaka huu unaeleweka hata kwa asiyejua kusoma ramani, nao una sababu ya kiufundi: kuta za nje zikihama, karibu karatasi zote zinaguswa, kuanzia nyumba inavyokaa kwenye kiwanja hadi paa.

Gharama ya rekebisho inategemea limekuja lini

Tuchukue ombi moja la kawaida. Mama mwenye nyumba anaona jiko ni dogo, anataka liongezwe sentimita 60 kuelekea stoo.

Akilisema wakati wa mchoro wa awali, ambapo ipo A102 peke yake, ni kazi ndogo. Unausogeza ukuta, stoo inashuka kutoka mita 1.8 hadi 1.2, unaangalia kama mlango wa stoo bado unafunguka bila kugonga rafu, unabadilisha vipimo vitatu vinne. Kazi imekwisha.

Akilisema baada ya karatasi zote nane kukamilika, hesabu ni nyingine. A102 inabadilika kama kawaida. Ukuta ule una msingi chini yake, kwa hiyo A103 inabadilika. Dirisha la jiko lazima lirudi katikati ya ukuta wa nyuma, kwa hiyo A105. Mkato mmoja unapita jikoni, kwa hiyo A107. Dirisha la stoo limelazimika kuwa dogo zaidi, kwa hiyo A108. Karatasi tano kwa ukuta mmoja. Zinazosalimika ni kiwanja, paa na mionekano ya ubavuni.

Ndiyo maana napendelea kazi igawanywe hatua mbili kwenye barua. Hatua ya kwanza ni ramani ya sakafu peke yake, nayo ina raundi mbili za marekebisho. Mteja akiikubali kwa maandishi, unaendelea na karatasi zilizobaki. Hatua ya pili ina raundi moja. Zaidi ya hapo ni Sh 25,000 kwa kila karatasi inayoguswa. Jiko letu lingekuwa Sh 125,000 baada ya raundi ya hatua ya pili kutumika, na bure kabisa kama lingesemwa mapema. Mteja akiuona mfano huo ndani ya barua, atakaa na familia yake mezani wiki ya kwanza badala ya wiki ya nne.

Kwa nini bei kwa karatasi, si kwa saa? Kwa sababu mteja hakuoni ukifanya kazi. Ukimwambia umetumia saa tano, atakubali kwa shingo upande au atabishana. Karatasi anazihesabu mwenyewe.

Raundi ni nini hasa

Raundi moja ni orodha moja, iliyotumwa kwa maandishi, kwa mkupuo, na mtu mmoja. Kila neno hapo lina kazi yake.

Orodha, kwa sababu maoni ya wateja wetu huja kama sauti za WhatsApp saa nne usiku, mbili kutoka kwa mume, tatu kutoka kwa mke, na moja kutoka kwa shemeji aliyewahi kufanya kazi ya ujenzi. Usikatae sauti, wengi huona ni rahisi kueleza hivyo. Zisikilize, kisha wewe ndiye uandike orodha na umrudishie: "Nimepokea haya manne: jiko liongezwe sm 60 kuelekea stoo, mlango wa masta ufungukie ndani, dirisha la sebule liwe la mita 1.8, choo cha wageni kiwe na sinki nje. Kuna lingine kabla sijaanza? Nikianza, hii ni raundi ya kwanza." Swali hilo la mwisho huokoa kazi nyingi, maana karibu kila mara lipo lingine.

Mtu mmoja, kwa sababu mwenye hela anaweza kuwa Maskati na anayesimamia kiwanja ni mdogo wake aliye Kibaha. Mmoja anataka baraza pana, mwingine amemwahidi fundi kwamba baraza haipo. Barua itaje msemaji kwa jina na namba ya simu. Wengine wote wapeleke maoni kwake.

Kisha kila raundi iache alama. PDF ya kwanza iite Rev A, inayofuata Rev B, na jina la faili libebe herufi hiyo: `KBH-01_A102_RevB.pdf`. Kwenye kisanduku cha maelezo, chini kulia mwa karatasi, andika tarehe na kilichobadilika kwa maneno machache: "B: jiko +600, stoo 1200". Zungushia wingu sehemu iliyoguswa ili mteja asihangaike kuitafuta. Faili zinazoitwa "mpya", "mpya2" na "mwisho kabisa" hazimsaidii mtu siku ya kuhesabu raundi, wala siku fundi anapouliza afuate ipi.

Maoni ya halmashauri yasichanganywe na raundi za mteja. Ofisa akirudisha michoro kwa sababu umesahau alama ya kaskazini au hukuandika umbali wa nyumba hadi mpaka wa kiwanja, hilo ni lako, rekebisha bila malipo. Akiirudisha kwa sababu mteja aling'ang'ania nyumba isogee karibu na uzio kuliko inavyoruhusiwa, hilo si lako. Mradi uwe ulimwonya kwa maandishi.

Barua yenyewe

Fuata sura ya barua rasmi ambayo mteja ameizoea, lakini acha "husika na kichwa cha habari hapo juu". Inakula mstari bila kusema kitu. Nimeiandika kwa mteja anayefahamiana nawe kwa heshima ya kawaida, si kwa kampuni.

YAH: BEI YA KUCHORA NYUMBA YA VYUMBA VITATU, KIBAHA (KAZI NA. KBH-01)

Ndugu Mteja,

Salaam. Nashukuru kwa mazungumzo yetu na kwa vipimo vya kiwanja ulivyonitumia. Bei ya kazi ni Sh 600,000. Naomba usome ninachokupa kwa bei hiyo, na unijibu kabla hujatuma malipo yoyote.

Nitachora karatasi nane za A3, A101 hadi A108, kama zilivyoorodheshwa nyuma ya barua hii. Utapata PDF ya kila karatasi, pamoja na nakala mbili zilizochapwa. Tafadhali PDF zichapwe kwenye A3 bila kubanwa, na fundi afuate vipimo vilivyoandikwa, asipime kwa rula.

Bei hii haina picha za 3D, michoro ya umeme na maji, makisio ya vifaa, hesabu za mhandisi, mhuri wa mbunifu majengo aliyesajiliwa, wala ada za halmashauri. Ukihitaji chochote kati ya hivyo, niambie nikupe bei yake au nikuunganishe na mhusika.

Faili ya AutoCAD (DWG) haimo kwenye bei hii. Ukiihitaji kwa ajili ya mhandisi wako, ni Sh 100,000, kwa muundo wa 2013 au atakaoutaja yeye, ikiwa kwenye zipu pamoja na viambatanisho vyake. Atakayeibadilisha ataondoa jina langu na kuweka lake.

Kazi ina hatua mbili. Kwanza nitakuletea ramani ya sakafu, nawe utakuwa na raundi mbili za marekebisho. Ukiikubali kwa maandishi nitachora karatasi zilizobaki, nawe utakuwa na raundi moja. Raundi ni orodha moja ya mambo yote unayotaka yabadilishwe, itakayotumwa na msemaji wako, ndani ya siku 14 tangu nikutumie michoro. Raundi zikiisha, kila karatasi itakayoguswa ni Sh 25,000, nami nitakwambia ni karatasi ngapi kabla ya kuanza. Kwa mfano, kupanua jiko wakati wa hatua ya kwanza kunagusa karatasi moja; baada ya michoro yote kukamilika kunagusa tano.

Makosa yangu nitayasahihisha bila malipo wakati wowote, pamoja na upungufu wowote wa michoro utakaoonwa na halmashauri. Kuta za nje zikisogea baada ya hatua ya kwanza, ghorofa ikiongezwa, au kiwanja kikibadilika, tutaandikiana bei mpya.

Malipo ni Sh 300,000 kuanza, Sh 180,000 ukiikubali ramani ya sakafu, na Sh 120,000 kabla ya kupokea PDF safi. Kabla ya hapo michoro itakuwa na maandishi "RASIMU, SI YA UJENZI"; tafadhali fundi asiitumie. Michoro ni ya kujenga nyumba moja kwenye kiwanja hiki. Faili zako nitazitunza kwa mwaka mmoja baada ya makabidhiano.

Bei hii inadumu siku 30. Ukiridhika, nijibu: "Nimesoma na nimekubali, msemaji wangu ni…" ukitaja jina na simu yake.

Wako, mchoraji.

Baada ya kuituma

Itume kama PDF, kisha piga simu umweleze mambo mawili kwa mdomo: hatua ya kwanza ndiyo ya kubadilisha mawazo, na DWG ina bei yake. Usimsomee barua nzima. Akiomba kupunguziwa, punguza kazi badala ya bei: toa nakala za kuchapwa, au ondoa raundi moja ya hatua ya kwanza. Ukishusha laki sita hadi laki tano na kila kitu kikabaki vilevile, umemfundisha kwamba orodha yako haina maana, na atakuja kuipuuza pia kwenye marekebisho.

Akija na raundi ya nne, jibu lako liwe fupi na lenye namba: "Sawa mama, ombi hili linagusa A102, A105 na A108, karatasi tatu, Sh 75,000. Niendelee?" Usikumbushe barua, usilalamike. Wengine watasema endelea, wengine wataona lile dirisha halikuwa na haja kiasi hicho.

Utakuwepo wakati wa kusamehe. Dirisha moja linalosogezwa kidogo kwenye karatasi mbili, kwa mteja mwungwana anayelipa kwa wakati, lifanye. Ila liandike: "Hii ni nje ya raundi, Sh 50,000, safari hii nimekuachia." Asipoiona bei, hatajua amesamehewa, na mara ya pili ataliomba kama haki yake.

Na asipojibu "nimekubali", usianze kuchora, hata kama advansi imeshaingia kwenye simu yako. Mpigie, mwombe ajibu kwanza.